Daftari, jedwali au kusomesha picha: ipi ikufae kujumlisha matumizi ya mwezi kutoka skrinishoti za miamala

Mwisho wa mwezi watu wengi hapa Arusha wana rundo moja linalofanana: skrinishoti za meseji za M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money, nyingine zimetumwa na mke, nyingine na kijana wa dukani, zote zimelala kwenye WhatsApp bila mpangilio. Ukitaka kujua mwezi umekula kiasi gani kwenye umeme, mzigo wa duka, nyumbani na makato, njia za kawaida ni tatu. Unaweza kunakili kwenye daftari na kujumlisha kwa kikokotoo. Unaweza kuandika kwenye jedwali la Google Sheets au Excel. Au unaweza kuisomesha simu picha zenyewe, kwa Google Lens kwa mfano, ukanakili maandishi na kuyabandika kwenye jedwali.

Wanaozilinganisha njia hizi hutazama zaidi ipi ina haraka. Mimi natazama kitu kingine: njia ipi itaniambia kwamba kuna picha imekosekana, au muamala mmoja nimeuhesabu mara mbili, kabla sijaiamini jumla. Kilicho kwenye meseji kinachoweza kukuambia hivyo ni salio. Kila meseji ya muamala uliofanikiwa hubeba salio jipya, na salio hilo lazima litokane na la meseji iliyotangulia: chukua salio la nyuma, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, toa makato, upate salio la sasa. Njia itakayokuwezesha kufanya hesabu hiyo mstari kwa mstari ndiyo nitakayoipendekeza, hata kama ni ya polepole.

Hapo kuna jambo la kuangalia kabla hata ya kuchagua njia. Skrinishoti ya meseji na skrinishoti ya orodha ya miamala ndani ya aplikesheni havilingani. Orodha inapendeza kwa kuwa picha moja inabeba miamala mingi, lakini mara nyingi inaonyesha kiasi na saa tu, makato na salio huvioni mpaka uguse muamala mmoja mmoja. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, omba picha za meseji. Na kama laini ni yako na mtandao unakupa taarifa kamili ya miamala ya mwezi, itumie hiyo, utaokoa nusu ya kazi. Skrinishoti ni za pale ambapo laini ni ya mtu mwingine au simu iko mbali.

Nitumie mfano wa shemeji yangu mwenye duka la vyakula Sakina. Nimefupisha mwezi wake na kuzungusha tarakimu ili hesabu ionekane vizuri. Makato hapa ni ya mfano tu. Kwenye hesabu yako andika yale yaliyo kwenye meseji, usiyakisie kwa kukumbuka viwango, maana viwango hubadilika. Kama meseji inatenganisha ada ya mtandao na tozo ya serikali, ambayo ilianza 2021, jumlisha zote mbili kwenye safu ya makato. Mwezi ulianza na salio la 142,300.

| Mst. | Maelezo | Kundi | Ingizo | Toleo | Makato | Salio |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Kutuma kwa mama, Machame | Nyumbani | | 50,000 | 1,200 | 91,100 |
| 2 | LUKU | Umeme | | 20,000 | 0 | 71,100 |
| 3 | Kupokea, mteja | Mapato | 150,000 | | 0 | 221,100 |
| 4 | Lipa Namba, duka la jumla | Mzigo | | 85,000 | 700 | 135,400 |
| 5 | Kutuma, fundi friji (namba siyo) | Fundi | | 30,000 | 1,000 | 104,400 |
| 6 | Kurudishiwa mst. 5 | Fundi | 30,000 | | 0 | 134,400 |
| 7 | Kutuma, fundi friji | Fundi | | 30,000 | 1,000 | 103,400 |
| 8 | Kutoa kwa wakala | Taslimu | | 60,000 | 2,500 | 40,900 |
| 9 | Bili ya maji, AUWSA | Maji | | 18,000 | 0 | 22,900 |

Mstari wa 5 hadi wa 7 ndipo wengi wanapokosea, na ndipo njia zetu tatu zinapoachana. Shemeji alituma elfu thelathini kwa namba isiyo ya fundi, akaomba irudishwe, ikarudi, akatuma tena kwa namba sahihi. Aliponiletea picha aliuliza, "Shemeji, hii niliyorudishiwa naiandika mapato?" Nikamwambia, "Hapana shemeji, hiyo ni pesa yako ileile. Iandike kwenye ingizo, lakini kundi lake liwe lilelile la fundi."

Sababu iko kwenye hesabu. Ukijumlisha safu yote ya toleo unapata 293,000. Ongeza makato 6,400, unapata 299,400, na ukiliita hilo matumizi ya mwezi umejidanganya kwa elfu thelathini, kwa sababu fundi alilipwa mara moja tu. Wengine, wakitaka kulirekebisha hilo, hufuta mstari wa 5 na wa 6 kwa pamoja, wakiona kimoja kimeufuta kingine. Inaonekana ni sawa, lakini matumizi sasa yanakuwa 268,400, na hiyo nayo si kweli. Makato ya 1,000 ya kutuma kwa namba isiyo sahihi hayakurudi, na umeyafuta pamoja na mstari wake. Jibu sahihi ni 269,400: yaani 263,000 zilizokwenda kwenye makundi, na 6,400 za makato. Unaweza kulihakikisha kwa njia nyingine kabisa. Salio la mwanzo pamoja na mapato ni 292,300, mwezi umefunga na 22,900, tofauti ni 269,400 hasa.

Umejuaje kwamba makato hayakurudi, wakati meseji ya kurudishiwa huenda haisemi lolote kuhusu makato? Salio ndilo linalosema. Kati ya mstari wa 5 na wa 6 limepanda kutoka 104,400 hadi 134,400, elfu thelathini kamili. Lingepanda mpaka 135,400 ungejua na makato yamerudi, na hapo ungeandika -1,000 kwenye safu ya makato ya mstari wa 6. Muamala ulioshindikana ni jambo jingine. Ukiona meseji inasema muamala haukufanikiwa na salio halikushuka, usiuandike kabisa. Aliyerudishiwa ana mistari miwili, aliyeshindwa hana hata mmoja.

Sasa daftari linafanyaje hapa? Vizuri kuliko watu wanavyolidhania. Unapoandika kwa mkono unalazimika kusoma kila meseji, na unapofika kwenye salio unalihesabu papo hapo. Ukichora safu kama hizo za juu na kukataa kuendelea na mstari unaofuata mpaka salio limekubali, daftari litakukamatia karibu kila kosa. Kwa laini moja yenye miamala inayoenea ukurasa mmoja wa daftari kubwa, sioni sababu ya kufungua kompyuta.

Linakolemea ni kwenye makundi. Jumla ya toleo unaipata kwa kikokotoo, lakini kupata jumla ya mzigo peke yake, halafu ya nyumbani, halafu ya umeme, unarudi juu kila mara na kuchambua upya. Kila mzunguko ni nafasi ya kuruka mstari. Ukija kugundua muamala wa tarehe 6 uliusahau, masalio hayaharibiki maana yametoka kwenye meseji, ila jumla zote za makundi ulizokwisha kuandika inabidi uzikate. Kwa mwenye duka anayelipa kwa simu mara kadhaa kwa siku, daftari linachosha kabla ya tarehe 15.

Jedwali linabeba safu zilezile, lakini kazi ya kuchambua inaondoka mikononi mwako. Napanga hivi: A tarehe na saa, B namba ya muamala, C maelezo, D kundi, E ingizo, F toleo, G makato, H salio kama lilivyo kwenye meseji, na I ukaguzi. Mstari wa 1 ni vichwa. Mstari wa 2 una salio la mwanzo tu kwenye H. Miamala inaanza mstari wa 3, na kwenye I3 naandika fomula ya kwanza hapa chini, halafu naiburuta hadi mwisho. Zile nyingine mbili nazitumia kwa jumla ya kundi na kwa kukamata muamala uliojirudia:

```
=H2+E3-F3-G3-H3
=SUMIFS(F:F,D:D,"Fundi")-SUMIFS(E:E,D:D,"Fundi")
=COUNTIF(B:B,B3)
```

Fomula ya kwanza lazima itoe 0 kila mstari. Ya pili ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba pesa iliyorudi ibaki kwenye kundi lake: kwa fundi inachukua 60,000 za toleo, inatoa 30,000 za ingizo, inabaki 30,000 bila wewe kufuta kitu. Ya tatu ikitoa 2, namba hiyo ya muamala umeiandika mara mbili. Hili hutokea sana na skrinishoti, kwa sababu mtu akitelezesha meseji na kupiga picha tena, meseji ya mwisho ya picha ya kwanza huwa ndiyo ya kwanza ya picha ya pili. Usihukumu kujirudia kwa kiasi. LUKU ya 5,000 mara mbili kwa siku moja inawezekana kabisa, ila namba ya muamala haiwezi kuwa moja. Safu ya B ipange iwe ya maandishi kabla hujaanza, ili jedwali lisije likala sifuri za mwanzo kwenye namba zenye tarakimu tupu. Kama jedwali lako linakataa koma ndani ya fomula, weka nukta-mkato, ni suala la mipangilio ya nchi.

Faida nyingine ya jedwali sikuitarajia kuwa kubwa hivi. Kwa kuwa makato yana safu yake lakini yanakaa mstari mmoja na kundi, unaweza kuyajumlisha kwa namna mbili. Yote kwa pamoja ni 6,400. Lakini ukiandika `=SUMIFS(G:G,D:D,"Taslimu")` unaona 2,500 zimekwenda kwenye kutoa pesa kwa wakala mara moja tu, na kwa fundi ni 2,000 kwa sababu ya ile namba iliyokosewa. Swali kama hilo kwenye daftari ni kuanza upya.

Niseme pia juu ya lile kundi la taslimu, maana hesabu za wengi huvurugika hapo. Elfu sitini zilizotolewa kwa wakala hazijatumika bado, zimehama kutoka simu kwenda mfukoni. Usizigawe kwa kukumbuka, "nadhani nusu ilikuwa mboga za Kilombero". Ziache ziitwe taslimu, na kama unataka kujua zilikokwenda, hiyo ni kazi ya daftari la mfukoni. Kwa shemeji, skrinishoti zinathibitisha 203,000 za makundi yanayojulikana, 60,000 za taslimu, na 6,400 za makato. Zaidi ya hapo picha hazijui.

Jambo la aina hiyo hiyo linawapata wenye laini mbili. Kila laini ipewe karatasi yake ndani ya jedwali, kwa kuwa kila moja ina mfululizo wake wa salio. Ukijitumia 40,000 kutoka laini moja kwenda nyingine, upande mmoja andika toleo, upande wa pili ingizo, pote kundi liitwe Uhamisho. Ukijumlisha Uhamisho wa karatasi zote mbili unapaswa kupata 0, makato yakiwa yamebaki kwenye safu yake. Lisipotoka 0, kuna picha ya upande mmoja hujaipata.

Na sasa kusomesha picha. Hii inavutia kwa sababu kuchapa ndiyo kazi inayochosha, na simu nyingi za leo zinaweza kukutolea maandishi yaliyo kwenye picha kwa kubonyeza tu. Kwa picha safi ya meseji inasoma vizuri kiasi cha kukufanya ulegee, na hapo ndipo hatari ilipo. Makosa yake si ya kila mahali, ni ya hapa na pale: sifuri inasomwa kama herufi O, 5 inakuwa S, nukta ya senti inapotea na 1,200.00 inakuwa 120000. Picha ya orodha ya aplikesheni ina tatizo zaidi, kwani viasi vilivyo upande wa kulia vinaweza kutoka vyote kwa mkupuo baada ya majina yote, na hujui kipi ni cha nani. Skrinishoti iliyopita WhatsApp mara kadhaa ikapoteza ukali nayo inaongeza makosa.

Mengi ya hayo ukaguzi wa salio utayanasa. Kuna moja ambalo huenda usilinase, na ni vizuri ulijue. Kiasi ulichobandika kinaweza kuingia kwenye seli kama maandishi, hata kama macho yako yanaona namba. Fomula ya I3 inaweza kukigeuza yenyewe kuwa namba na kutoa 0 safi, lakini SUM na SUMIFS huyaruka maandishi kimya kimya. Basi kila mstari unakubali, na jumla ya kundi inapungua. Dalili yake ni namba iliyoegemea kushoto mwa seli wakati zenzake zimeegemea kulia. Kwa hiyo ukisomesha picha, weka ukaguzi wa pili pembeni, na ulinganishe jibu lake na salio la meseji ya mwisho:

```
=H2+SUM(E:E)-SUM(F:F)-SUM(G:G)
```

Kwa mfano wetu lazima itoe 22,900. Ikitoa 107,900, zile 85,000 za mzigo zimeingia kama maandishi.

Kwa hiyo mimi nachagua hivi. Miamala ya ukurasa mmoja, laini moja, makundi manne au matano: daftari, mradi uandike salio. Duka, laini mbili, au mtu anayetaka kulinganisha mwezi na mwezi: jedwali, ukichapa mwenyewe. Kusomesha picha nakupendekezea pale tu rundo ni kubwa mno na una picha za meseji zilizo safi, na hata hapo isomeshe namba ya muamala na maelezo, halafu kiasi, makato na salio vichape kwa vidole vyako. Namba ya muamala ni ndefu na inachosha kuichapa, kiasi ni tarakimu chache. Hivyo unaipa simu kazi ndefu na unabaki na kazi inayouma ikikosewa.

Njia yoyote utakayotumia, panga picha kwa saa iliyoandikwa ndani ya meseji, siyo kwa mpangilio zilivyokufikia. Meseji huweza kuchelewa na kupishana, na salio litaonekana limevunjika wakati halijavunjika.

Likivunjika kweli, ukubwa wa pengo unakuambia utafute nini. Tuseme picha ya LUKU haikuletwa. Kutoka 91,100 unaongeza 150,000 za mteja unapata 241,100, lakini meseji inasema 221,100. Pengo ni 20,000, na muamala uliopotea uko kati ya saa za meseji hizo mbili, basi muulize mwenye simu kuhusu saa hizo tu. Pengo dogo la kiasi cha makato, kama 1,000, linahitaji uangalifu zaidi. Inaweza kuwa umesahau makato ya mstari huo. Lakini inaweza pia kuwa hukuletewa picha mbili kwa pamoja, ya kutuma na ya kurudishiwa, ambazo zimefutana na kuacha makato peke yake. Kama makato yenyewe yangerudi pamoja na pesa, pengo lingekuwa 0 na usingejua kamwe, ila hapo hata jumla yako isingekuwa na kosa.

Linabaki lile la malipo ya tarehe 30 yanayorudi tarehe 2. Hapo usihamishe tarehe ili mwezi upendeze, kwa kuwa salio la kufungia mwezi litakataa. Acha toleo likae mwezi lilipotoka na ingizo likae mwezi liliporudi, kwenye kundi lilelile. Kundi hilo litaonekana kubwa mwezi wa kwanza na dogo mwezi wa pili, hata kuwa hasi kama hukulitumia tena. Kwenye safu ya maelezo ya mistari yote miwili andika namba ya muamala wa awali, ili atakayeona hasi kwenye kundi la fundi ajue imetoka wapi.